Kugeuza Orodha Ndilo Swali Lenyewe

Anayejiandaa kwa usaili wa kazi ya kuandika programu, iwe kwa kampuni ya Nairobi au ya ng'ambo, hawezi kukwepa maswali mawili kuhusu orodha unganifu. La kwanza linamtaka aigeuze orodha, nodi ya mwisho iwe ya kwanza na ya kwanza iwe ya mwisho. La pili linamtaka aseme kama orodha ina mzunguko, yaani kama viungo vyake vinarudi vikajifunga, na afanye hivyo bila kula kumbukumbu ya ziada. Desturi imeyapanga maswali haya kwa ngazi. Kugeuza huchukuliwa kuwa swali la kupasha misuli moto: msailiwa akilimaliza anapewa tiki na mazungumzo yanasonga mbele. Mzunguko ndio unaohesabiwa kuwa kipimo, na anayetamka habari ya vielekezi viwili, kimoja cha polepole na kimoja cha kasi, anaonekana ameonyesha akili. Hoja yangu ni kwamba ngazi hiyo imewekwa kichwa chini miguu juu. Kugeuza orodha kunaweza kujengwa na mtu yeyote makini kutokana na kauli moja, na ndani yake mna mengi kuliko msaili anavyodhani. Hila ya vielekezi viwili haijengwi ndani ya dakika 45. Ama unaijua, ama huijui.

Orodha unganifu yenyewe ni kitu chepesi kueleza. Kila nodi ina vitu viwili: data yake, na kielekezi, ambacho ni anwani ya nodi inayofuata katika kumbukumbu ya kompyuta. Nodi ya mwisho haielekezi popote, kielekezi chake kimewekwa `NULL`. Mwenye orodha hashiki orodha nzima. Anashika anwani ya nodi ya kwanza tu, na nyingine zote anazifikia kwa kuulizia moja baada ya moja. Ugumu wote unatoka hapo. Ukiifuta anwani moja kabla hujainakili mahali pengine, nodi zote zilizokuwa zikifuata zimepotea. Bado zimo kwenye kumbukumbu, zimekalia nafasi yake, lakini hakuna awezaye kuzifikia.

Sasa tazama namna ya kugeuza, kwa lugha ya C, ambayo haifichi vielekezi:

```c
struct nodi *geuza(struct nodi *sasa)
{
    struct nodi *nyuma = NULL;
    while (sasa != NULL) {
        struct nodi *mbele = sasa->next;
        sasa->next = nyuma;
        nyuma = sasa;
        sasa = mbele;
    }
    return nyuma;
}
```

Wengi huikariri mistari hii minne ya ndani kama wanavyokariri namba ya simu, na wakishikwa na woga wa usaili mpangilio unawaponyoka. Hakuna haja ya kuikariri, kwa sababu yote inazaliwa na kauli moja ambayo lazima iwe kweli kila kitanzi kinapoanza duru mpya: nodi tulizokwisha pita zimegeuzwa na zinaanzia kwa `nyuma`; nodi ambazo hatujazifikia ziko vilevile na zinaanzia kwa `sasa`; na hakuna nodi iliyo nje ya makundi hayo mawili. Ukiishika kauli hiyo, msimbo unajiandika. Mwanzoni hatujapita nodi yoyote, kwa hiyo `nyuma` ni `NULL`. Mwishoni hakuna nodi iliyobaki, `sasa` ni `NULL`, na orodha yote iko kwa `nyuma`, basi hiyo ndiyo tunayorudisha. Katikati tunataka kuhamisha nodi moja kutoka kundi la pili kwenda la kwanza. Kuihamisha kunafuta kielekezi chake, na kielekezi hicho ndicho njia pekee ya kufikia nodi zilizobaki, kwa hiyo lazima tukinakili kwanza kwenye `mbele`. Mpangilio wa mistari unalazimishwa na kauli, wala si na kumbukumbu ya mwandishi.

Makosa nayo yanasomeka kupitia kauli hiyohiyo. Chukua orodha ya nodi nane, tuziite 0 hadi 7. Msailiwa aliyesahau `mbele`, akaandika `sasa->next = nyuma` na kisha `sasa = sasa->next`, atapata jambo la ajabu: programu haivunjiki, inarudisha orodha ya nodi moja. Katika duru ya kwanza nodi 0 imeelekezwa kwa `NULL`, `sasa` ikaifuata huko, na kitanzi kikaisha. Nodi saba zimeanguka nje ya makundi yote mawili, yaani sehemu ya tatu ya kauli ndiyo iliyovunjwa. Kosa la pili ni la yule anayeona ni ujanja kuanza na `nyuma` ikiwa nodi 0 na `sasa` ikiwa nodi 1, ili aokoe duru moja. Akisahau kukata kiungo cha zamani cha nodi 0, nodi 1 itaelekea 0 huku 0 ikiendelea kuelekea 1. Akiichapa orodha yake kwenye skrini ataona 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1, 0, 1, 0, 1, 0, bila kikomo. Alitumwa ageuze orodha, naye ametengeneza mzunguko. Huo ndio mzunguko ambao mwanafunzi hukutana nao mapema kuliko wote, na unatokana na kugeuza.

Kuna wanaopendelea kugeuza kwa funksheni inayojiita yenyewe, na wasaili wengine huiona kuwa ya kifahari zaidi. Inapendeza kusoma, nakubali, lakini gharama yake imefichwa. Kila mwito unasubiri ule wa ndani yake umalize, na kila mwito unaosubiri unakalia nafasi kwenye rundo la programu. Python kwa kawaida husimamisha programu miito ikifika 1000 hivi. Kwenye Linux rundo huwa na megabaiti 8, kwa hiyo orodha ya nodi milioni moja inaacha baiti 8 tu kwa kila mwito, na anwani ya kurudia peke yake inazimaliza baiti hizo kwenye kompyuta ya biti 64. Anayeleta jibu hili hajakosea, mradi aweze kusema linavunjikia wapi.

Pingamizi kubwa dhidi ya maswali yote mawili ni kwamba orodha unganifu yenyewe imepitwa na wakati, na hivyo usaili unampima mtu kwa kitu asichokigusa kazini. Pingamizi hili lina nguvu. Ukihifadhi namba ya baiti 4 kwenye nodi ya orodha unganifu katika kompyuta ya biti 64, kielekezi kinaongeza baiti 8, nafasi ya kulinganisha mipaka inaongeza baiti 4, na maktaba ya kawaida ya C kwenye Linux inakata kipande cha baiti 32 kwa ajili ya nodi hiyo moja. Namba ileile ndani ya safu ingekaa katika baiti zake 4, na jirani zake wangeletwa pamoja nayo, kwa sababu prosesa husoma kumbukumbu kwa mafungu ya baiti 64. Nodi za orodha zinaweza kuwa zimetawanyika, kila moja fungu lake. Kwa kazi nyingi za kila siku safu inaishinda orodha, na msailiwa akianza jibu lake kwa kulisema hilo anastahili kusikilizwa.

Hata hivyo pingamizi hilo linaishia kwenye matumizi ya kila siku. Ndani ya kiini cha Linux kuna orodha iitwayo `llist`, inayoruhusu sehemu mbalimbali za mfumo kuongeza nodi kwa wakati mmoja bila kufungiana mlango. Njia rahisi ya kufanya hivyo salama ni kuongeza upande wa kichwa tu. Matokeo yake ni kwamba aliyekuja mwisho anakuwa wa kwanza kwenye orodha. Mpokeaji anaichukua orodha yote kwa mkupuo, na akitaka kuwahudumia walioleta kazi kwa zamu zao, inambidi aigeuze. Funksheni inayofanya hivyo inaitwa `llist_reverse_order`, na ukiifungua utakuta kitanzi chenye mistari minne, kile kile cha kwenye usaili. Hakuna aliyeiweka pale kwa ajili ya mitihani. Imewekwa kwa sababu kugeuza ndiyo bei inayolipwa baadaye ili kuongeza kuwe kwepesi sasa.

Tuje kwenye mzunguko. Vielekezi viwili huanzia nodi ya kwanza. Kimoja, kobe, kinasogea nodi moja kwa kila hatua, na kingine, sungura, kinasogea mbili. Sungura akifika `NULL`, orodha haina mzunguko. Akikutana tena na kobe, ina mzunguko. Chukua zile nodi nane za mwanzo, lakini sasa nodi 7 ielekee nodi 3 badala ya `NULL`. Orodha ina mkia wa nodi tatu, yaani 0, 1 na 2, kisha mzunguko wa nodi tano, 3 hadi 7. Kobe anapita 1, 2, 3, 4, 5. Sungura anapita 2, 4, 6, kisha 3, kisha 5. Katika hatua ya tano wote wako kwenye nodi 5. Ukitaka kujua mzunguko unaanzia wapi, mrudishe mmoja kwenye nodi 0, mwache mwingine pale pale kwenye nodi 5, na safari hii wote watembee nodi moja moja. Watapita 1 na 6, kisha 2 na 7, kisha wote wawili watakanyaga 3. Hapo ndipo mzunguko unapoanzia.

Inapendeza, na kwa mara ya kwanza inashangaza. Lakini angalia ilikotoka. Watu waliokuwa wakishughulika na orodha unganifu walikuwepo tangu katikati ya miaka ya 1950, Newell, Shaw na Simon walipozitumia katika programu yao ya kuthibitisha nadharia za mantiki. Hila ya kobe na sungura ilichapishwa mwaka 1969, katika juzuu ya pili ya kitabu kikubwa cha Donald Knuth, ambaye aliitaja kuwa ya Robert Floyd. Wanaomtafuta Floyd mwenyewe huishia kwenye makala yake ya 1967, ambayo inahusu kuorodhesha mizunguko ya grafu na haina hila hii. Tena Knuth hakuileta kwa ajili ya orodha za kumbukumbu. Aliileta katika sura ya namba za nasibu, pale inapotakiwa kujua mfululizo wa namba unaanza kujirudia lini. Katika miaka hiyo kumi na zaidi orodha zilishughulikiwa na watu hodari kwelikweli. Kumtaka msailiwa aliyesimama mbele ya ubao aitunge upya kabla ya saa ya chakula ni kumpima kwa kitu kingine, nacho ni kama aliwahi kuisoma.

Kuna atakayejibu kwamba hata kama haitungiki, inaweza kuthibitishwa, na uthibitisho ndio unaopimwa. Nakubaliana naye kabisa, ila sioni unaulizwa mara nyingi. Uthibitisho wenyewe ni mfupi. Baada ya hatua t, kobe amesogea t na sungura 2t, kwa hiyo tofauti yao ni t. Wakiwa wote ndani ya mzunguko, watakuwa kwenye nodi moja pale tu tofauti hiyo inapogawanyika sawasawa kwa urefu wa mzunguko. Katika mfano wetu urefu ni 5, na hatua ya kwanza inayofaa ni ya 5. Sehemu ya pili inaegemea jambo lilelile: mahali walipokutana ni hatua 5 kutoka mwanzo, sawa na mzunguko mzima, kwa hiyo aliyebaki pale akitembea urefu wa mkia atakuwa ametembea mkia pamoja na mzunguko mmoja kamili, na ataishia mlangoni mwa mzunguko kama yule aliyetembea mkia peke yake.

Asiyeujua uthibitisho huo ananaswa na badiliko dogo sana. Wengi huandika msimbo ambamo sungura anaanza nodi moja mbele ya kobe, ili kitanzi kisikome kabla hakijaanza. Kwa kugundua kama mzunguko upo, hakuna madhara: katika orodha yetu watakutana kwenye nodi 4 baada ya hatua nne. Sasa mrudishe mmoja mwanzo na watembee moja moja: 1 na 5, 2 na 6, 3 na 7, 4 na 3, 5 na 4. Hawatakutana milele. Tofauti yao haikuwa tena kizidisho cha 5, ilikuwa 4, na wanaotembea kwa mwendo mmoja hawapunguziani umbali. Programu itaning'inia bila kutoa ujumbe wowote wa kosa, na aliyekariri hatakuwa na mahali pa kuanzia kutafuta.

Kosa jingine linajificha kwenye mstari wa kulinganisha. Wapo wanaolinganisha data iliyomo kwenye nodi badala ya anwani za nodi, na orodha isiyo na mzunguko ila yenye namba 8 mahali pawili inaweza kutangazwa kuwa na mzunguko. Katika simulizi zetu kobe hakumshinda sungura kwa subira. Alipanga ndugu zake njiani, na kwa kuwa wote wanafanana, sungura akadhani kobe ni yule yule mmoja kila alikotazama. Msimbo unaolinganisha data unadanganywa vilevile.

Pingamizi la tatu linatoka kwa watu wa kazi, nao husema: kwa nini nisitumie seti tu? Ninatembea orodhani, kila nodi ninayoipita naiandika anwani yake kwenye seti, na nikikuta anwani iliyokwisha andikwa nimepata mzunguko pamoja na mlango wake, bila uthibitisho wowote. Wana haki. Kwa nodi milioni moja anwani peke yake ni megabaiti 8, na hata seti ikizidisha hiyo mara kadhaa, simu ya mkononi inaimudu. Sharti la kutotumia kumbukumbu ya ziada ndilo linalolifanya swali kuwa gumu, na kwa orodha za kawaida sharti hilo limebandikwa tu. Mahali ambapo ni la kweli ni kwenye mifululizo ya namba. Mwaka 1975 John Pollard alitumia hila ya Floyd kutafuta vigawo vya namba kubwa: unazalisha mfululizo kwa kanuni moja, kila namba ikizaa inayofuata, na kujirudia kwake kunafichua kigawo. Mfululizo ni mrefu kiasi kwamba kuuhifadhi hakuwezekani. Richard Brent aliiboresha namna ya kutafuta mzunguko mwaka 1980, na mwaka huohuo yeye na Pollard wakapata kigawo cha tarakimu 16 cha namba 2^256 + 1. Kwenye orodha zenyewe makao yake ni machache. Mfano ninaoweza kuutaja bila kusita ni `list-length` ya Common Lisp, ambayo inatakiwa irudishe `NIL` orodha ikiwa ya mzunguko, na ambayo maelezo yake rasmi yanaonyesha njia ya vielekezi viwili.

Na mizunguko inayoleta maafa katika programu zinazotumika hushughulikiwaje? Tazama maktaba ya C ya GNU. Vipande vidogo vya kumbukumbu vilivyoachiliwa kwa `free` hutunzwa katika orodha unganifu, vikisubiri kutumika tena. Programu ikikiachilia kipande `a`, kisha `b`, kisha `a` tena kwa makosa, orodha zamani ilikuwa `a` inaelekea `b`, na `b` inaelekea `a`. Aliyeomba kumbukumbu mara tatu alipewa `a`, `b`, halafu `a`, na sehemu mbili za programu ziliandika juu ya kipande kimoja bila kujuana. Kwa miaka mingi ulinzi wa orodha hizo ulikuwa ni kukilinganisha kipande kinachoachiliwa na kile kilicho kichwani mwa orodha; vikiwa kimoja, programu ilisimamishwa kwa ujumbe `double free or corruption (fasttop)`. Kuachilia `a` mara mbili mfululizo kulikamatwa. Kuweka `b` katikati kulipita. Ulinzi huo ulikuwa na tundu, lakini kuizungukia orodha nzima kwa kobe na sungura kila `free` inapoitwa kungekuwa ghali mno. Katika kazi halisi mzunguko huzuiwa pale kiungo kinapoandikwa, kabla orodha haijatembelewa.

Hapa ndipo swali la kugeuza linapoonyesha lilichobeba. Iulize ile funksheni ya `geuza` iliyoandikwa juu: itafanya nini ikipewa orodha yenye mzunguko? Wengi watajibu haraka kwamba itazunguka milele. Tuifuate. Inapita 0, 1, 2 hadi 7, ikigeuza kila kiungo, na kabla ya kuigeuza 7 ilinakili kwamba inayofuata ni 3. Inarudi 3. Lakini kiungo cha 3 kilikwisha geuzwa, sasa kinaelekea 2. Kwa hiyo `mbele` inakuwa 2, nodi 3 inaelekezwa kwa 7, na funksheni inaufuata mkia kinyumenyume: 2, 1, 0, ikivirudisha viungo vyake vilivyokuwa. Nodi 0 ilikuwa imeelekezwa kwa `NULL` katika duru ya kwanza kabisa, basi kitanzi kinakoma. Duru zilikuwa 12: nodi nane kwenda, kisha nne kurudi. Kinachorudishwa ni nodi 0, kichwa kilekile cha mwanzo. Mkia uko kama ulivyokuwa, na mzunguko umegeuzwa mwelekeo: 3 inaelekea 7, 7 inaelekea 6, mpaka 4 inayorudi 3.

Tumepata kipimo cha mzunguko kisichohitaji kobe wala sungura. Orodha ya nodi mbili au zaidi isiyo na mzunguko ikigeuzwa, kichwa chake kinabadilika. Yenye mzunguko inarudisha kichwa kilekile. Ya nodi moja inaangaliwa peke yake, kwa kusoma kielekezi chake. Ukishapata jibu unaigeuza mara ya pili na orodha inarudi hali yake ya awali, mzunguko ukiwemo. Kumbukumbu ya ziada ni vielekezi vitatu. Na msailiwa hakuhitaji kusoma popote. Alihitaji kuufuata msimbo alioandika mwenyewe, kwa kujua kwamba kila nodi aliyokwisha pita inaelekea alikotoka.

Njia hii ina mipaka, na kuitaja ni sehemu ya jibu. Inaandika juu ya orodha. Kama kuna sehemu nyingine ya programu inayoisoma orodha hiyo wakati uleule, itaikuta imegawanyika, na itapotea humo. Kwenye orodha iliyohifadhiwa mahali pa kusoma tu haifanyi kazi kabisa. Kobe na sungura hawagusi kitu, na hiyo ndiyo faida yao ya kweli. Ajabu ni kwamba faida hiyo haitajwi sana, watu wakishikilia kumbukumbu ya ziada ambayo njia zote mbili hazihitaji.

Pingamizi la mwisho linasema kwamba kugeuza nako kumekaririwa, tena kuliko mzunguko, kwa hiyo hakuna swali lililo safi. Ni kweli, mistari minne imekaririwa na kila mtu. Ila tofauti iko kwenye kinachofuata. Aliyekariri kugeuza anaweza kuulizwa aseme nini ni kweli duru ya tatu ikianza, nini kitatokea mistari miwili ya katikati ikibadilishana nafasi, au orodha ya mzunguko ikiingizwa, na kila jibu linapatikana kwa karatasi na kalamu. Kwa kobe na sungura maswali ya namna hiyo yapo pia, ila yanakuja pale tu msaili anapotoa hila yenyewe bure. Ampe msailiwa msimbo uliokamilika, kisha amuulize: sungura akiruka nodi tatu badala ya mbili, watakutana? Jibu linalokuja haraka ni kwamba wanaweza kupishana bila kikomo, kwa kuwa umbali unabadilika kwa mbili mbili na huenda ukaruka sifuri. Jibu hilo si sahihi. Wameanzia nodi moja, kwa hiyo baada ya hatua t tofauti yao ni 2t, na t yoyote iliyo kizidisho cha urefu wa mzunguko, ikiwa imevuka mkia, inawakutanisha. Hofu ya kupishana ni halali pale sungura anapotangulizwa nodi moja na mzunguko una idadi shufwa ya nodi, maana hapo tofauti inabaki witiri daima. Aliyejua jina la Floyd na aliyelisikia leo wana nafasi sawa ya kulipata jibu hilo.